Dhamana mbili za kusoma kabla ya kujaza bei ya zabuni

Chukua mkataba wa ukarabati wa madarasa wa shilingi milioni 200.

Dhamana ya utekelezaji ya asilimia 10 ni milioni 20: ukiitelekeza kazi, benki inamlipa mwajiri. Dhamana ya malipo ya awali inalinda fedha unazotangulizwa. Ukipewa asilimia 15, yaani milioni 30, dhamana nayo ni milioni 30.

Malipo hayo si zawadi. Masharti yakisema wakate asilimia 20 ya kila hati ya malipo, hati ya milioni 50 inakatwa milioni 10. Hakikisha dhamana inapungua sambamba na makato. La sivyo benki itaendelea kukutoza ada kwa dhamana ya milioni 30 wakati deni limebaki milioni 20.

Tafuta maneno "inalipwa mara inapodaiwa". Hapo benki inalipa bila kusubiri uthibitisho wa kosa, kisha inakugeukia wewe na hati ya nyumba uliyoweka rehani. Wengi huumia hapa.

Tazama pia kama bondi ya kampuni ya bima inakubalika, na tarehe ya mwisho. Ukiongezewa muda wa kazi, ongeza dhamana kabla haijaisha.