Rejista ya Vihatarishi: Kuhamisha Ofisi kutoka Mtaa wa Samora kwenda Mikocheni

Toleo la 3, Jumatatu 20 Julai 2026
Mtunzaji wa rejista: Meneja Utawala
Mwenye mradi: Mkurugenzi
Mapitio: kila Jumatatu saa 3 asubuhi. Yanayofuata ni 27 Julai.

Ofisi ya uhasibu na ushauri wa kodi, yenye wafanyakazi 19, inahama kutoka ghorofa ya nne, Mtaa wa Samora, kwenda ghorofa ya pili, Mikocheni. Vitu vinabebwa kuanzia jioni ya Ijumaa 14 Agosti hadi Jumapili 16 Agosti. Kazi inaanza Mikocheni Jumatatu 17 Agosti, na ofisi ya zamani inakabidhiwa Jumatatu 31 Agosti.

Wikiendi hiyo tuliichagua kwa sababu ya kodi. Inakuja baada ya tarehe 7, mwisho wa kupeleka makato ya mishahara ya Julai, na kabla ya tarehe 20, mwisho wa ritani za VAT. Jengo la Samora nalo haliruhusu kubeba samani siku za kazi. Tukiikosa wikiendi hii, inayofuata ni baada ya ritani, na hapo zitakuwa zimebaki siku chache mno kabla ya kukabidhi.

Namna ya kupima. Uwezekano: 1 ni mdogo, 2 unaweza kutokea, 3 ni mkubwa. Athari: 1 ni usumbufu, 2 ni hasara ya fedha au siku moja ya kazi, 3 ni mteja kuumia au kazi kusimama kwa zaidi ya siku moja. Alama ni uwezekano mara athari. Kihatarishi cha alama 6 au zaidi kinafika kwa Mkurugenzi wiki hiyohiyo. Kila kimoja kina mwenye jukumu mmoja tu. Toleo la kwanza liliandika "wote" kwenye mistari minne, na mistari hiyo minne ndiyo ambayo haikusogea.

| Na. | Kihatarishi | Uwezekano | Athari | Alama | Mwenye jukumu | Hali |
|---|---|---|---|---|---|---|
| V1 | Intaneti ya faiba haijawashwa Mikocheni ifikapo 17 Agosti. Ritani za VAT zinachelewa | 3 | 3 | 9 | Fundi wa Kompyuta | Wazi |
| V2 | Faili za wateja zinapotea au kusomwa na wasiohusika | 2 | 3 | 6 | Mhasibu Mkuu | Wazi |
| V3 | Mwenye jengo la zamani anakata au kuzuia amana ya pango | 3 | 2 | 6 | Meneja Utawala | Wazi |
| V4 | Bima haigusi vitu vikiwa njiani wala kwenye anwani mpya | 2 | 3 | 6 | Meneja Utawala | Wazi |
| V5 | Umeme Mikocheni: deni kwenye mita ya LUKU au laini kuzidiwa | 2 | 2 | 4 | Fundi wa Kompyuta | Wazi |
| V6 | Leseni, TRA na mashine ya EFD vinabaki na anwani ya zamani | 2 | 2 | 4 | Mhasibu Mkuu | Inaendelea |
| V7 | Wafanyakazi wa mbali wanachelewa au kuacha kazi | 2 | 2 | 4 | Mkurugenzi | Wazi |
| V8 | Seva inaharibika njiani | 1 | 3 | 3 | Fundi wa Kompyuta | Inaendelea |
| V9 | Wateja wanaenda Samora na kukuta mlango umefungwa | 3 | 1 | 3 | Mpokezi | Inaendelea |
| V10 | Mvua inalowesha mizigo | 1 | 2 | 2 | Meneja Utawala | Tunafuatilia |
| V11 | Sefu haipiti kwenye lifti ya Samora | – | – | – | Meneja Utawala | Kimefungwa |

V1. Intaneti

Maombi yalipelekwa tarehe 6 Julai na mtoa huduma amesema kwa simu kwamba "wiki mbili zinatosha". Ahadi ya simu haishushi alama, kwa hiyo uwezekano unabaki 3 mpaka waya uwe umeingia ndani ya chumba. Kinachokwama sasa ni barua ya mwenye jengo ya kuruhusu kutoboa ukuta. Meneja Utawala aifuate mwenyewe kabla ya Ijumaa 24 Julai, maana Fundi ameiomba mara mbili bila jibu.

Siku ya kuamua ni Jumatano 5 Agosti. Kama hadi jioni hiyo waya haujavutwa, Fundi ananunua ruta mbili za 4G za mitandao miwili tofauti bila kusubiri kikao. Sh 400,000 zimeshatengwa. Azijaribu kwenye chumba cha wahasibu chenyewe. Kuta za ndani ni nene, na dirishani simu hudanganya.

Hatua yenye nguvu kuliko zote haigharimu kitu: kila mteja ambaye hesabu zake za Julai zimekamilika, ritani yake iingizwe kabla ya Alhamisi 13 Agosti, tukiwa bado Samora. Mhasibu Mkuu ataleta orodha kila Jumatatu. Wakibaki wateja watano au pungufu, athari itashuka kutoka 3 hadi 2.

V2. Faili za wateja

Zipo boksi 140 hivi. Humo kuna namba za vitambulisho, mishahara ya watu na taarifa za benki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitutofautishi tukiwa ofisini au juu ya Fuso. Utaratibu ni huu: kila boksi linapewa namba, haliandikwi jina la mteja, linafungwa kwa lakiri yenye namba, na vyote viwili vinaandikwa kwenye orodha inayobaki kwa Mhasibu Mkuu. Faili zinasafiri safari yake, asubuhi ya Jumamosi, bila kuchanganywa na samani. Mfanyakazi wetu mmoja anakaa mbele na dereva, mwingine anapokea Mikocheni na kuhesabu lakiri kabla wapagazi hawajaondoka. Lakiri iliyokatika ni tukio. Inaripotiwa saa hiyohiyo.

Sehemu ya pili ya kihatarishi hiki ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: karatasi tunazoziacha. Watu wakihama hupenda kusafisha. Sheria inatutaka tutunze kumbukumbu za kodi kwa miaka mitano, kwa hiyo hakuna faili linalotupwa bila saini ya Mhasibu Mkuu, na linaloruhusiwa kutupwa linapita kwenye mashine ya kuchana karatasi. Kila mtu hapa ameshawahi kununua karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya ofisi ya mtu. Mfanya usafi wa jengo ameshaelezwa kwamba hakuna karatasi inayotoka ghorofa ya nne kwenda kwa wanunuzi wa chakavu, hata akiikuta kwenye pipa.

V3. Amana ya pango

Amana ni Sh 7,500,000, na mkataba unasema tutarudisha ofisi "katika hali nzuri", maneno yanayoweza kumaanisha chochote. Tulipoingia hakuna aliyepiga picha. Sasa ukuta wa jipsamu tulioujenga mapokezi, matundu ya viyoyozi na rangi ya kijani kwenye chumba cha mikutano vyote vinaweza kuwa sababu ya kukatwa.

Ukaguzi wa pamoja na msimamizi wa jengo ni Jumatano 29 Julai. Tunataka orodha ya marekebisho iliyosainiwa na pande zote, kisha fundi wetu arekebishe kati ya 18 na 28 Agosti. Tukiwaachia wao kazi hiyo, bei itapangwa na wao. Picha za kila chumba zipigwe Jumatatu 31 Agosti kabla ya kutoa funguo, na funguo zitolewe kwa hati ya makabidhiano, si kwa mlinzi getini. Ukuta wa jipsamu: tuulize kwanza kama wanautaka. Huenda mpangaji ajaye ataufurahia, na sisi tutaokoa gharama ya kuubomoa.

V4. Bima

Bima yetu ya moto na wizi imetaja anwani ya Samora. Wakala anaombwa mambo mawili kwa barua inayosubiri saini ya Mkurugenzi: kinga ya vitu vikiwa njiani kwa siku tatu za kuhama, na anwani zote mbili kuwa hai hadi 31 Agosti. Bila jibu la maandishi ifikapo Ijumaa 7 Agosti, suala linaenda kwa Mkurugenzi. Bima ya gari la mhamishaji haihesabiki hapa. Hiyo ni ya gari lake.

V5. Umeme

Funguo za Mikocheni tunazipokea Jumatatu 3 Agosti. Siku hiyohiyo Fundi anunue umeme kidogo kwa namba ya mita na asome risiti: je, kuna deni la mpangaji aliyepita linalokatwa? Kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU, hivyo makato peke yake si ushahidi wa deni. Asome mstari wa makato. Kisha awashe viyoyozi vyote na fotokopi kwa pamoja kwa nusu saa. Tumeambiwa jenereta ya jengo huwasha taa na pampu tu. Kama ni kweli, seva inahitaji betri yake.

V6 hadi V10 kwa ufupi

V6: tunatoka Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kuingia Manispaa ya Kinondoni, kwa hiyo leseni ya biashara inashughulikiwa upya. BRELA, TRA na mtoa huduma wa mashine ya EFD wamo kwenye orodha ya Mhasibu Mkuu. Risiti ya kwanza ya Mikocheni isitoke na anwani ya Samora.

V7: wanaotoka Mbagala na Gongo la Mboto wataongeza daladala na nauli. Pendekezo ni kuanza kazi saa 3 badala ya saa 2 kwa miezi mitatu ya kwanza. Mpokezi amesema wazi kwamba anafikiria kuondoka. Mkurugenzi azungumze naye wiki hii.

V8: nakala rudufu mbili, moja isiyopanda gari lolote siku hiyo. Fundi amejaribu kurejesha faili kutoka nakala ya kwanza na imekubali. Ya pili bado.

V9: ujumbe mfupi kwa wateja wote tarehe 3 na 14 Agosti, bango mlangoni Samora, na kurekebisha mahali petu kwenye Google Maps jioni ya Jumapili 16 Agosti, si kabla.

V10: Agosti ni kiangazi, turubai mbili zinatosha. Tungehama Aprili kihatarishi hiki kingekuwa juu kabisa. Hata hivyo Mikocheni ina sehemu zinazotuama maji masika yakija, kwa hiyo stoo ya chini tuliyopewa bure haitawekwa faili hata moja.

V11. Kimefungwa 17 Julai. Mlango wa lifti ni sentimita 80, sefu ni 74. Uzito wa sefu ni kilo 380 na lifti inabeba 450, kwa hiyo sefu inashuka peke yake, mtu akiipokea chini. Mikocheni hakuna lifti. Mhamishaji ameongeza wapagazi wawili kwa ajili ya ngazi, Sh 80,000.

Fedha ya dharura: Sh 2,000,000. Zilizotengwa hadi leo ni Sh 480,000 (ruta na wapagazi). Zilizobaki ni Sh 1,520,000.

Yanayosubiri Mkurugenzi, kabla ya 27 Julai

1. Kukubali au kukataa saa mpya za kuanza kazi (V7).
2. Kusaini barua ya bima (V4). Ipo mezani tangu Alhamisi.
3. Betri ya seva: Sh 900,000 zitoke kwenye fedha ya dharura au kwenye bajeti ya vifaa (V5). Zikitoka kwenye dharura, zitabaki Sh 620,000, na marekebisho ya Samora bado hatujayajua bei.