Yah: Ombi lako la msaada kutoka mfuko wa dharura

Kaka yangu,

Salaam nyingi kwako, kwa wifi yangu na watoto.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimekawia kujibu kwa kuwa nilikuwa natafuta namna ya kukubali, na sikuipata. Nakuambia mapema usije ukapanga mambo yako kwa kunitegemea: nusu ya mfuko wa dharura wa chama chetu, uliyoiomba ulipie deni la lori, sitaweza kukupa.

Pole sana kwa hili la lori. Najua ndilo linalolisha nyumba, na mdai akitaja mnada usingizi hauji. Ila mfuko ule tuliuweka kwa ajili ya msiba, ugonjwa na majanga, na deni la biashara halimo. Kipengele hicho wewe mwenyewe ulikitetea mkutanoni kuliko sisi wote (sisemi hivi kukusuta, kilikuwa cha maana na bado ni cha maana). Mwaka jana mwenzetu aliomba mtaji, tukamnyima kwa kipengele hicho hicho, akakubali bila kinyongo. Nikikupa wewe leo, yeye nitamtazama kwa macho gani? Na mtu akilazwa wiki ijayo, tukamwambie mfuko umebaki nusu?

Umeniomba pia jambo hili libaki kati yetu wawili, ukanikumbusha uchaguzi. Kweli ulinipigia debe, na sijasahau. Lakini fedha zile haziendi kwa saini yangu peke yangu, na hata zingekwenda, nisingezitoa wanachama wasijue. Shida yako nitaitunzia siri, na barua yako sijamwonyesha mtu. Fedha yao siwezi kuifanyia siri.

Sasa, mkopo wa kawaida uko wazi kwako. Kwetu hudaiwi, na kwa kanuni zetu unaweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yako. Hautamaliza deni lote, lakini unatosha kufuta malimbikizo, na nijuavyo mimi mdai aliyeona malimbikizo yamelipwa huwa mwepesi kuongeza muda kuliko aliyepewa ahadi tupu. Nenda kwake kabla hajatoa notisi ya mnada. Muombe kwa maandishi akupangie upya marejesho, uondoke na nakala iliyosainiwa. Ukitaka, katibu atakuandikia barua ya kuthibitisha kwamba mikopo yako yote kwetu umeirejesha kwa wakati.

Wadhamini wanatakiwa wawili. Mmoja ni mimi, kwa akiba yangu mwenyewe, na siku kamati itakapojadili mkopo wako nitatoka nje ya kikao. Wa pili mtafute wewe.

Fomu ziko kwa mhazini, kamati inakaa Jumamosi. Alhamisi jioni nitakuwa nyumbani. Njoo na mkataba wa lori na risiti zote ulizolipa, tupige hesabu pamoja kabla hujajaza kiasi.

Dada yako,
Mwenyekiti