Ushauri kuhusu spika ya duka lako

Ndugu yangu,

Kwa duka la nguo dogo kama lako hapa Arua, spika ya wati 20 inatosha. Usiridhike na namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi, kwani mara nyingi ni nguvu ya kilele inayodumu kwa muda mfupi tu; tafuta wati za RMS, ambazo spika inaweza kuzitoa mfululizo.

Betri ndiyo ningeipa uzito zaidi, kwa sababu umeme ukikatika mchana utaitegemea hiyo tu. Saa zinazotajwa na watengenezaji kwa kawaida hupimwa kwa sauti ya wastani, hivyo ukihitaji saa 8, chagua inayoahidi 15. Hakikisha inapiga muziki huku ikichajiwa, na usiiweke juani, maana joto huchakaza betri ya lithiamu.

Kwa vumbi la barabarani, spika yenye alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji ya IP65 inafaa kuliko yenye IPX5: tarakimu 6 inaonyesha kuwa vumbi haliingii, ilhali X humaanisha kwamba kinga ya vumbi haikutajwa. Kabla ya kulipa, ongeza sauti hadi mwisho usikilize kama inakwaruza, kisha udai risiti na waranti ya maandishi.