Mti wenye vipeo n una kingo n − 1: uthibitisho kamili

Haya ni maelezo ya swali la pili la zoezi la wiki hii, lililotaka mthibitishe kwamba mti wenye vipeo n una kingo n − 1, kwa darasa la mwaka wa kwanza. Nimeyaandika kwa urefu kwa sababu madaftari mengi yalifikia jibu sahihi kwa hoja isiyothibitisha. Mtu akiona vipeo 7 na kingo 6, kisha vipeo 10 na kingo 9, huamini haraka kwamba kingo ni pungufu kwa moja kila mara. Imani hiyo ni sahihi, ila hapa kazi yetu ni kuonyesha kwa nini haiwezi kuwa vinginevyo.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Grafu ni nukta, tunazoziita vipeo, pamoja na mistari inayoziunganisha mbili mbili, tunayoiita kingo. Grafu tunazozungumzia zina vipeo vyenye idadi yenye kikomo, hazina ukingo unaounganisha kipeo na chenyewe, na kati ya vipeo viwili hakuna zaidi ya ukingo mmoja. Njia ni mfuatano wa vipeo tofauti ambamo kila kipeo kimeunganishwa na kinachofuata kwa ukingo. Mzunguko unapatikana pale njia yenye vipeo vitatu au zaidi inapofungwa kwa ukingo unaorudi kutoka kipeo cha mwisho hadi cha kwanza. Grafu imeungana ikiwa kuna njia kati ya vipeo vyovyote viwili. Mti ni grafu iliyoungana isiyo na mzunguko. Digrii ya kipeo ni idadi ya kingo zinazokigusa, na kipeo chenye digrii 1 tunakiita jani.

Mfano mmoja wa kushika mkononi: vipeo 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, na kingo 1–2, 1–3, 3–4, 3–5, 5–6, 5–7. Uchoreni. Majani yake ni 2, 4, 6 na 7. Kingo ni 6.

Nadharia. Kila mti wenye vipeo n, ambapo n ≥ 1, una kingo n − 1.

Nguzo ya uthibitisho wote ni dai lifuatalo, na ndilo lililorukwa na wengi.

Dai la kwanza. Kila mti wenye vipeo viwili au zaidi una jani.

Tuchukue mti T wenye vipeo angalau viwili. Kwa kuwa T umeungana, una angalau ukingo mmoja. Kati ya njia zote zilizomo ndani ya T, tuchague mojawapo ambayo hakuna inayoizidi urefu, na vipeo vyake viwe v₀, v₁, …, vₖ, ambapo k ≥ 1. Njia ya namna hiyo ipo, maana vipeo vina idadi yenye kikomo na njia hairudii kipeo. Sasa tumtazame v₀. Jirani yake mmoja tunamjua, v₁. Tuseme ana jirani mwingine, w. Kuna hali mbili tu. Ikiwa w hayumo kwenye njia yetu, basi w, v₀, v₁, …, vₖ ni njia ndefu zaidi, jambo linalopingana na tulivyochagua. Ikiwa w yumo, basi ni vᵢ fulani, i ≥ 2, na v₀, v₁, …, vᵢ pamoja na ukingo unaorudi v₀ ni mzunguko. Lakini T ni mti. Kwa hiyo w hayupo, na digrii ya v₀ ni 1.

Hoja hiyohiyo inafanya kazi upande wa vₖ, hivyo tumepata majani mawili kwa gharama ya moja. Angalieni pia sharti la kikomo lilivyotumika: bila hilo dai linaanguka. Nambari zote kamili, chanya na hasi, kila moja ikiunganishwa na inayofuata, zimeungana na hazina mzunguko, lakini hakuna jani hata moja.

Dai la pili. Ukiondoa jani kwenye mti pamoja na ukingo wake, kinachobaki ni mti.

Jani liwe x, na kilichobaki tukiite T′. Mzunguko wowote ndani ya T′ ungekuwa mzunguko ndani ya T, kwa hiyo haupo. Kuhusu kuungana, tuchukue vipeo a na b vya T′. Ndani ya T kuna njia kutoka a hadi b. Je, njia hiyo inaweza kupita kwa x? Kipeo kilicho katikati ya njia hugusa kingo mbili, ya kuingilia na ya kutokea, ilhali x ana ukingo mmoja tu. Basi njia haimgusi x, na inabaki nzima ndani ya T′.

Sasa uthibitisho wenyewe, kwa induksheni juu ya n. Ikiwa n = 1, kipeo ni kimoja na hakuna ukingo unaowezekana, kwa hiyo kingo ni 0 = 1 − 1. Tuchukulie kwamba kila mti wenye vipeo k una kingo k − 1, kwa k fulani ≥ 1. Tuchukue mti wowote T wenye vipeo k + 1. Vipeo hivyo ni viwili au zaidi, kwa hiyo kwa dai la kwanza T una jani. Tuliondoe. Kwa dai la pili, kilichobaki ni mti wenye vipeo k, na kwa dhana ya induksheni una kingo k − 1. Tuliondoa ukingo mmoja tu, basi T ulikuwa na kingo (k − 1) + 1 = k, ambazo ni (k + 1) − 1. Uthibitisho umekamilika.

Katika mfano wetu, ondoeni 2: zinabaki kingo 5 na vipeo 6, na kipeo 1 kinageuka kuwa jani. Endeleeni hivyo hadi kibaki kipeo kimoja. Kila hatua inachukua kipeo kimoja na ukingo mmoja.

Nije kwenye hoja iliyojaa madaftarini. Iliandikwa hivi: «Chukua mti wenye vipeo k na kingo k − 1. Ongeza kipeo kipya kwa ukingo mmoja. Tumepata mti wenye vipeo k + 1 na kingo k. Imethibitika.» Kilichothibitika hapo ni kwamba miti inayopatikana kwa kuongeza jani ina idadi sahihi ya kingo. Hakuna lililosemwa kuhusu mti ambao pengine haukujengwa hivyo. Mimi natoa alama chache kwa hoja hii, na nataka mwone kwamba sababu yangu ina uzito. Mbinu hiyohiyo, neno kwa neno, «inathibitisha» jambo la uongo.

Jambo lenyewe: «Kila grafu yenye vipeo viwili au zaidi, ambayo kila kipeo kina digrii angalau 1, imeungana.» Kwa vipeo viwili ni kweli, maana lazima ukingo uwepo kati yao. Chukua grafu ya namna hiyo yenye vipeo k. Kwa dhana, imeungana. Ongeza kipeo kipya; lazima kiwe na ukingo, basi kinaungana na wengine, na grafu mpya imeungana. Imethibitika? Choreni vipeo 1, 2, 3, 4 na kingo 1–2 na 3–4. Kila kipeo kina digrii 1, lakini kutoka 1 hakuna njia ya kufika 3. Grafu hii haiwezi kupatikana kwa kuongeza kipeo juu ya grafu ya vipeo vitatu inayotimiza sharti: ukiondoa kipeo chochote, jirani yake anabaki bila ukingo. Ndiyo maana katika induksheni tunaanza na kitu kikubwa, chochote kile, kisha tunashuka. Kwa miti, ruhusa ya kushuka inatoka kwenye yale madai mawili. Anayependa kujenga kwenda juu anaweza, mradi kwanza aonyeshe kwamba kila mti hujengeka hivyo, na hapo atakuwa amerudi kwenye dai la kwanza.

Kuna uthibitisho wa pili, ambao binafsi naupenda zaidi kwa sababu unatoa zaidi ya ulichoomba. Chukua vipeo n vya mti, ondoa kingo zote, halafu zirudishe mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni kuna vipande n, kila kipeo kikiwa peke yake. Ukingo unaorudishwa ama unaunganisha vipande viwili tofauti, na idadi ya vipande inapungua kwa 1, ama unaangukia kati ya vipeo viwili vya kipande kimoja. Hali hii ya pili ingefunga mzunguko, maana njia kati ya vipeo hivyo ilikwisha kuwapo. Mti hauna mzunguko, kwa hiyo kila ukingo unapunguza kipande kimoja. Mwishoni kipande ni kimoja. Tumeshuka kutoka n hadi 1, basi kingo ni n − 1.

Grafu isiyo na mzunguko lakini yenye vipande c inapata jibu kwa hesabu hiyohiyo: kingo n − c. Pia tunaona kwamba grafu iliyoungana yenye kingo n − 1 lazima iwe mti, maana kushuka hatua n − 1 kunahitaji kila ukingo ufanye kazi yake. Ila hesabu peke yake haitoshi. Pembetatu na kipeo kimoja kilicho pweke vina vipeo 4 na kingo 3, lakini huo si mti.

Miti ilianza kuchunguzwa karne ya 19 na watu waliokuwa na kazi nyingine mkononi. Gustav Kirchhoff aliitumia mwaka 1847 katika saketi za umeme. Arthur Cayley aliitungia makala mwaka 1857, na mwaka 1874 akaitumia kuhesabu molekuli. Kwenye molekuli ndipo nadharia yetu inaonyesha nguvu. Chukua haidrokaboni isiyo na pete wala vifungo maradufu au vya mara tatu, yenye atomi k za kaboni na h za haidrojeni. Atomi ni vipeo, vifungo ni kingo, na molekuli ni mti. Kila kaboni ina digrii 4, kila haidrojeni ina 1. Kila ukingo una ncha mbili, kwa hiyo jumla ya digrii ni mara mbili ya idadi ya kingo:

4k + h = 2(k + h − 1)

Tatueni: h = 2k + 2. Kanuni ya kemia mliyoikariri sekondari imetoka kwenye n − 1. Butani na isobutani zina maumbo tofauti, lakini zote ni C₄H₁₀: atomi 14, vifungo 13. Linganisheni na sikloheksani, C₆H₁₂. Atomi ni 18, na vifungo ni 6 vya kaboni kwa kaboni pamoja na 12 vya haidrojeni, yaani 18. Mti wa vipeo 18 ungekuwa na kingo 17. Molekuli imeungana, basi ukingo mmoja uliozidi ndio uliofunga pete.