Neno la shukrani kwenye sherehe yangu ya kuhitimu, nyumbani Ilula

Kamwene! Kamwene tena! Asanteni. Shikamooni wazazi wangu, shikamooni wazee wote, wadogo zangu mambo. Emsii nimekusikia, dakika chache, nitajitahidi. Karatasi niliandika jana usiku ila nimeiacha ndani kwenye mkoba, maana kule nilianza na itifaki na mama akawa wa mwisho, na leo siwezi kumuweka mama mwisho.

Mama. Likizo yangu ya kwanza kutoka SUA nilikuwa natafuta kibiriti kabatini nikakutana na daftari lako la kikoba. Nikalifungua. Kila mkopo umeandika na sababu yake pembeni, ada ya mtoto, ada ya mtoto, hosteli ya mtoto, na sehemu moja umeandika koti jeupe la mtoto. Nikalirudisha nikaenda kulia kule nyuma kwenye migomba, ukaja ukaniuliza macho yamefanya nini nikakujibu moshi. Haukuwa moshi mama. Nilikuwa nimeshaona kila kitu na nikanyamaza miaka yote hii kwasababu nilijua hutaki nijue. Asante mama yangu. Asante sana. Ngoja kwanza nifute machozi.

Akina mama wa kikoba mliovaa vitenge vya bluu pale, naomba msimame jamani tuwaone. Hawa ndio wafadhili wangu. Ule mwaka nyanya zilianguka bei mpaka watu wakaziacha shambani, maana ukiuza tenga hupati hata hela ya kuchuma na kulisafirisha, mama akashindwa kurejesha, na nyie mkakaa mkakubaliana asubiriwe mpaka msimu unaofuata bila faini. Na nyie wenyewe mlikuwa mnauza nyanya hizohizo! Njaa ilikuwa yenu wote na bado mkanibeba mimi. Vigelegele tafadhali, hapo hapana, ongezeni, hapo sawa.

Mjomba yuko safarini na lori, atasikia kwenye simu, mdogo wangu unarekodi eeh? Mjomba, bumu likichelewa nilikuwa nakutegemea wewe. Ukiteremka Kitonga na mzigo, Mikumi, mpaka Morogoro, unasimama Msamvu unanipigia njoo chukua salamu za nyumbani, na ndani ya mfuko wa mchele kuna hela imefungwa kwenye nailoni. Hujawahi kuniuliza nimeifanyia nini. Wazee wa usharika na nyie, ile harambee ya mwaka wa tatu ndiyo ilinirudisha darasani, Mungu awabariki.

Sasa walimu. Mwalimu wangu wa baiolojia wa kidato cha nne umekuja, nimekuona mapema nikaishiwa nguvu. Maabara yetu ilikuwa chumba na meza tu. Wewe ukaenda buchani kwa hela yako ukatuletea moyo wa ng'ombe, ukaupasua mbele yetu ukasema shikeni, hii ni vali, damu inapita hapa hairudi nyuma. Chuo tulipofika kwenye moyo mimi nilikuwa naujua kwa vidole vyangu. Na walimu wangu wa SUA ambao wako mbali, yule aliyesimama na mimi mazizini usiku mzima fildi, ng'ombe anazaa ndama amekaa vibaya, akakataa kunipokea kazi, akawa ananiambia taratibu, usivute, msubiri mama yake asukume, na ndama akatoka mzima. Siku ile ndio nilijua hii kazi nitaiweza.

Baba. Wewe sio mtu wa maneno mengi, na mimi leo nayapata kwa shida. Nikiwa darasa la tano ng'ombe wetu alikufa kwa ndigana. Tezi chini ya sikio zimevimba, anahema kwa shida, wewe umekaa naye zizini na taa mpaka asubuhi na hakukuwa na wa kumwita. Leo najua ni kupe, najua ukimwahi mapema dawa ipo, na chanjo ipo. Miaka mitano nimesoma udaktari wa mifugo nikiwa naiona ile taa.

Na kuna kitu watu hawakijui. Kila siku niliyokuwa na mtihani, alfajiri saa kumi na moja simu inaita mara moja inakata. Baba ananibipu. Hapigi, hasemi kitu, anabipu tu nijue ameamka ananiombea. Hakukosa hata mtihani mmoja, sijui ratiba alikuwa anaitoa wapi, nadhani mama alikuwa anamwandikia.

Baba mitihani imeisha. Ila Jumatatu naanza kujitolea kule kwenye josho, nitatoka nyumbani asubuhi sana. Naomba unibipu.

Mama njoo hapa mbele, njoo nikuvalishe hili joho.