Bibi, chai za kuacha na chai za kunywa

Shikamoo Bibi.

Natumaini bajaji ilikufikisha Ujiji salama na haikukurusha sana kwenye mashimo. Nimeandika kwa herufi kubwa usome mwenyewe. Macho yakichoka, mjukuu wa hapo nyumbani akumalizie. Jana ulipofungua fundo la kanga ukaniwekea vile vifurushi vinne mezani, duka lilikuwa limejaa, na mambo ya choo hayasemwi mbele za watu. Ndiyo maana nilikujibu nusunusu. Kosa jingine ni langu kabisa: mwezi wa tatu huu nakuhudumia, na sikuwahi kukuuliza nyumbani unakunywa chai gani.

Uliniambia, "Majani tu haya, yatagombana vipi na kidonge?" Bibi, hicho kidonge unachokikata nusu kila asubuhi, digoksini, asili yake ni majani. Ni ya mmea wa maua wa huko Ulaya. Kidonge kizima kina robo tu ya miligramu ya dawa, na wewe nusu yake inakutosha, kwa sababu ikizidi kidogo inageuka sumu kwa moyo uleule inaoutibu. Kwa hiyo majani siyadharau. Nayaogopa kwa kuwa yana nguvu.

Nianze na sanamaki, maana ndiyo inayonikosesha raha. Umeinywa wiki mbili, usiku kikombe, kwa ajili ya choo kigumu. Sasa angalia. Kile kidonge cha kukojoa, furosemaidi, kinatoa maji mwilini, na maji yale yanaondoka na potasiamu, chumvi ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Sanamaki nayo ikikuharisha inaitoa kwa njia ya choo. Potasiamu ikipungua, digoksini inaukamata moyo kwa nguvu kuliko tulivyokusudia, hata kama hujaongeza kipimo. Dalili zake ni kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona vitu kama vina rangi ya njano au taa zina duara pembeni, kuchanganyikiwa, na mapigo kwenda polepole au kurukaruka. Ulinitajia kwamba siku hizi hata dagaa hawakuvutii. Inawezekana ni uzee, inawezekana ni joto, lakini mimi sitaki kubahatisha. Acha sanamaki leo, na kesho asubuhi nenda hospitali wakupime potasiamu na mapigo. Shubiri ya kuchemsha iko kundi hilohilo, usije ukaihamia.

Choo tutakitafutia njia nyingine. Kula ugali wa dona badala ya sembe, na ndizi mbivu kila siku. Maji usiongeze kupita kiasi alichokupangia daktari, kwa sababu ya ile miguu kuvimba. Ikishindikana kuna sirapu ya laktulosi; haigombani na vidonge vyako ukiinywa kwa kiasi nitakachokuandikia, bila kufikia kuharisha.

Kile kifurushi chekundu alichokuletea binti yako kutoka Dar es Salaam, "chai ya kusafisha tumbo", nilikifungua na kunusa. Ndani kuna sanamaki tena, na kuna ule mzizi mtamu ambao Waarabu wanauita susi. Utamu wake unadanganya. Ukiunywa kila siku mwili unashika chumvi na maji, presha inapanda, na potasiamu inazidi kutoka. Kwa mtu wa digoksini na furosemaidi sijui chai mbaya kuliko hiyo. Usimgombeze binti, alileta kwa mapenzi. Lakini usiinywe.

Mlonge una habari yake tofauti, na hapa naomba usome polepole. Kidonge cha rangi cha jioni, warfarini, kinazuia damu isigande ndani ya moyo ikaenda kukuletea kiharusi. Majani ya mlonge yana vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo ndiyo inayosaidia damu kuganda, yaani inavuta upande wa pili. Kijiko cha unga wa mlonge kila asubuhi kinaweza kukifanya kidonge kisifanye kazi. Sasa, ukiacha ghafla, kidonge kinapata nguvu na damu inaweza kuwa nyepesi mno. Kwa hiyo acha, lakini mwambie daktari kesho kwamba umeacha, wakupime kuganda kwa damu kesho na tena baada ya wiki moja. Namba yako inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Kisamvu na matembele usiviache. Kula kiasi kilekile ulichozoea, usikose wiki nzima halafu ukala sufuria Ijumaa.

Choya ni kinywaji kizuri kwa mtu mwingine. Kinashusha presha, na yako juzi ilisoma 98 kwa 60 tayari kwa vidonge. Ile kizunguzungu ukiinuka kwenda kutawadha alfajiri, naishuku choya. Iache kwa sasa. Ukiinuka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu mpaka 30, ndipo usimame. Ukianguka ukapiga kichwa huku unatumia warfarini, hata kama huoni jeraha, upelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tangawizi kipande kidogo kwenye chai haina neno. Ile ya kuchemsha mpaka inakereketa koo, ikiwa imechanganywa na kitunguu saumu na manjano, kikombe asubuhi na jioni, hapana; naihofia kwa damu yako.

Na kuna chupa moja hukuileta ila uliitaja, ya mizizi ya "dawa ya moyo" anayouza yule mzee sokoni. Hiyo usionje hata kijiko. Kuna miti ambayo wawindaji walipaka utomvu wake kwenye mishale, na sumu yake inaua kwa kuukamata moyo, kwa namna ileile ya digoksini. Simaanishi mzee anauza sumu ya mshale. Namaanisha hajui kilichomo kimepimwa kiasi gani, nami sijui, na wewe tayari una kipimo chako asubuhi.

Basi unywe nini? Chai ya rangi kunywa. Mchaichai kunywa, hata vikombe viwili kwa siku, hicho kifurushi cha nne nimekurudishia na barua hii. Iliki mbili tatu weka. Vidonge meza kwa maji, siyo kwa chai.

Ukiona fizi zinatoa damu bila sababu, mkojo mwekundu, au choo cheusi kama lami, usinisubiri mimi. Vilevile mapigo: mjukuu akushike kifundo cha mkono kila asubuhi kabla ya digoksini, ahesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Yakiwa chini ya 60, usimeze hiyo nusu, nendeni hospitali kwanza.

Vile vifurushi vitatu bado viko hapa kaunta, sijavitupa, ni mali yako. Nimeviweka kwenye mfuko mmoja ili mjukuu avipitie kesho asubuhi saa mbili mkienda hospitali, daktari avione kwa macho yake. Mkirudi, aniletee karatasi ya majibu. Dawa za mwezi ujao nimezitenga, ila sitazifunga mpaka nione hiyo namba.

Mjukuu wako,
mfamasia wa Mwanga