Shangazi, tafsiri ya ujumbe wa benki na cha kufanya sasa hivi

Shikamoo Shangazi. Picha ya ujumbe nimeiona. Usiogope, na kwa sasa usiujibu wala usimpigie mtu mwingine yeyote kabla hujasoma hapa mpaka mwisho.

Ujumbe wenyewe unasema hivi:

"Tahadhari ya usalama. Kuna mtu amejaribu kulipa dola 412.60 kwa kadi yako inayoishia na 3308, kwenye duka la mtandaoni la vifaa vya elektroniki, leo saa 8:47 mchana. Malipo hayo tumeyazuia. Je, ni wewe? Jibu YES kama ni wewe, au NO kama si wewe. Mpaka utakapojibu, kadi hii haitafanya kazi. Hatutakuomba kamwe namba yako ya siri."

Pale walipoandika 2:47 PM ndiyo saa nane na dakika arobaini na saba mchana, kwa hiyo kumbuka ulikuwa wapi muda huo na kama kuna yeyote nyumbani aliyeagiza kitu kwa kadi yako. Waulize na watoto.

La muhimu zaidi ni kwamba malipo yamezuiwa. Kama ujumbe ni wa kweli, hizo dola 412.60 hazijatoka. Lakini aliyejaribu tayari anazijua namba za kadi yako, na kadi ikifunguliwa tena atarudia. Ndiyo maana lazima ifungwe moja kwa moja.

Nimesema "kama ni wa kweli" kwa sababu matapeli nao hutuma ujumbe wa namna hii hii. Usitulizwe na jina la benki lililo juu. Jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na ujumbe wa tapeli ukaingia palepale chini ya ujumbe halali uliowahi kutumiwa na benki. Wako hauna kiungo cha kubonyeza wala namba ya kupiga, na hiyo ni dalili nzuri, ila mimi sitaki tukisie. Ndiyo maana nakwambia usijibu hata NO. Piga wewe mwenyewe.

Chukua kadi, igeuze. Nyuma yake kuna namba ya huduma kwa wateja. Piga hiyo, si namba nyingine yoyote, hata iliyotokea ukitafuta mtandaoni. Wakipokea sema hivi: "Nimepata ujumbe kuhusu malipo ya dola 412.60 kwenye kadi inayoishia na 3308. Si mimi niliyelipa. Naomba mthibitishe kama mmeutuma ninyi, muifunge kadi kabisa, na mnitolee mpya yenye namba tofauti." Watakuuliza maswali ya kukutambua, kama jina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Yajibu, maana umepiga wewe na unajua umempigia nani.

Kabla hujakata simu, waombe wakusomee malipo yote ya wiki mbili zilizopita. Sikiliza hasa yale madogo, ya dola moja au mbili. Mwizi wa kadi mara nyingi hujaribu kiasi kidogo kwanza aone kama kadi inapita, ndipo anapanda. Usilolitambua, likatae palepale na useme unataka kufungua malalamiko ya kurudishiwa pesa. Waulize pia kama kuna fomu ya kujaza na mwisho wake ni lini. Andika kwenye karatasi namba ya kumbukumbu, jina la aliyekuhudumia na saa uliyopiga.

Sasa hapa Shangazi nisikilize vizuri. Leo au kesho anaweza kukupigia mtu mwenye sauti ya upole, anayejua jina lako na hata tarakimu 3308, akisema yuko kitengo cha ulaghai cha benki. Atakuomba umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako "ili afute muamala", au atakwambia uhamishie akiba yako kwenye "akaunti salama". Kata simu. Tarakimu hizo ndizo zinazoruhusu pesa itoke, na benki haimwambii mteja ahamishe pesa zake kuziokoa. Hakuna haja ya kumuaga. Ukibaki na wasiwasi, piga tena namba ya nyuma ya kadi.

Na mimi pia usinitumie namba ya siri wala tarakimu hizo, hata kama ujumbe unaonekana umetoka kwangu.

Kadi mpya ikifika, kata ya zamani ukipitisha mkasi katikati ya ile chipu. Bili ya simu na ile bima zinazokatwa kila mwezi kwenye kadi hiyo utazibadilishia namba, la sivyo zitakwama. Hilo tutalifanya pamoja Jumamosi nikija.

Anza na simu ya benki. Ukimaliza nitumie namba ya kumbukumbu tu, nami niiandike.